"Bottega" si Duka

Shangazi yangu alikuja Italia kuhiji Roma, akanipa siku moja nimpeleke Firenze, kwenye jumba la makumbusho la Uffizi. Mbele ya picha ya Ubatizo wa Bwana alikisoma kibao cha maelezo, akanigeukia: "Mwanangu, picha moja, wachoraji wawili? Walipokezana brashi?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kibao kinawataja Andrea del Verrocchio na Leonardo da Vinci, na picha ni ya mnamo 1475. Verrocchio alikuwa fundi mwenye vijana waliokuwa wakijifunza kazi kwake, na Leonardo alikuwa mmoja wao. Kushoto wamepiga magoti malaika wawili. Yule wa pembeni kabisa, anayetupa mgongo kidogo na kugeuza uso, ni mkono wa Leonardo. Vasari, aliyeandika habari za wachoraji katika karne ya 16, anasimulia kwamba Verrocchio aliona haya kushindwa na kijana, asiguse rangi tena. Mimi kisa hiki naona kina utamu wa kupita kiasi, lakini malaika mwenyewe yupo, mtazame.

Mahali walipofanyia kazi panaitwa "bottega", na hapo ndipo wafasiri wetu wengi hujikwaa. Muitaliano wa leo akikutumia neno hilo huenda anakuelekeza dukani. Basi niliwahi kushikishwa karatasi ya Kiswahili iliyoandika "duka la Verrocchio", kana kwamba mzee alikuwa akiuza sukari. Bottega ya zama zile ni karakana: fundi mkuu anapokea kazi na kulipwa, wanafunzi wanasaga rangi, wanaandaa mbao, na wakishakomaa wanaachiwa sehemu ya picha. Kiswahili hakihitaji kuazima hapa. Fundi, kufundisha na mwanafunzi ni watoto wa mzizi mmoja.

Kwa hiyo kibao kikisema "bottega di" kabla ya jina, kisome: kazi ya karakana ya fundi fulani, si lazima ya mkono wake. "Attribuito a" ni jambo jingine: wataalamu wanadhani ni yeye mwenyewe, ila hakuna hati inayokata shauri. "Seguace di" ni mfuasi wa mtindo wake, ambaye pengine hakuwahi kukanyaga karakana hiyo. Na "copia da" ni nakala tu ya kazi yake. Ukiyafasiri yote kuwa "ya Verrocchio", umemdanganya msomaji.

Chini ya majina pameandikwa "tempera e olio su tavola". "Tavola" ni neno lile lile la meza ya chakula, lakini hapa ni ubao; picha ya kitambaa ingeandikwa "tela". Tempera ni rangi iliyochanganywa na kiini cha yai. Hukauka upesi, kwa hiyo mchoraji huweka mistari mifupi myembamba, mmoja kando ya mwenzake. Ile ya mafuta hukawia kukauka, mchoraji akapata nafasi ya kulainisha mpaka baina ya mwanga na kivuli. Nilimwambia shangazi atazame kwanza mwili wa Yohana, mkavu na wenye mishipa iliyochongoka, kisha shavu la yule malaika. Akakaa kimya, halafu akasema, "Huyu mtoto kapakwa kwa pumzi."

Majina ya picha hayakumsumbua hata kidogo. Nilipomsomea "Annunciazione" alikwisha kusema "Kupashwa Habari Bikira Maria", misa imemfundisha. Kilichomtega ni hesabu. Kitabu cha mwongozo kilitaja "Quattrocento", yaani mia nne, naye akadhani ni mwaka wa 400. Waitaliano huiacha elfu moja: wanakusudia miaka ya 1400 na kuendelea, ambayo sisi tunaiita karne ya 15. "Trecento" ni ya 14, "Cinquecento" ni ya 16. Mfasiri asiye makini huona nne akaandika karne ya nne.

Kupashwa Habari ya Leonardo, ya mnamo 1472, imeorodheshwa Uffizi hivi: "Inv. 1890 n. 1618". Shangazi alikuwa ameandika daftarini: "Kupashwa Habari, 1618." Nikamweleza kwamba hakuna mwaka wa kuchorwa hapo. Ya 1890 ni orodha ya mali ya makumbusho, na 1618 ni namba ya picha ndani ya orodha hiyo. Nikaongeza kwamba picha ilitoka katika monasteri moja ya Firenze ikaingia Uffizi mwaka 1867, na kabla ya hapo ilihesabiwa kuwa ya Ghirlandaio.

Akaifuta 1618. Akafikiri kidogo, kisha pembeni ya jina la Leonardo akaandika kwa penseli: "mpaka sasa."