Kumwita mdeni mezani kabla ya mahakamani

Mkataba wa biashara unapoingia doa, upande wowote unaweza kupendekeza usuluhishi kabla ya kufungua kesi. Msuluhishi hahukumu. Kazi yake ni kuzikutanisha pande mbili, kusikiliza kila upande faraghani na kuzisaidia zifikie makubaliano zenyewe. Nchini Tanzania hatua hii haikwepeki hata kwa anayekimbilia kortini, kwa kuwa tangu mwaka 1994 kanuni za mashauri ya madai zimeagiza kesi nyingi zipitie kwanza kwa msuluhishi wa mahakama. Anayelipendekeza jambo hilo mapema analifanya kabla gharama za wakili hazijapanda na maneno makali hayajaingia kwenye hati za kesi.

Tuseme mwenye kinu cha mpunga Mbeya amemuuzia mfanyabiashara wa Dar es Salaam tani 30 za mchele kwa shilingi 2,400 kwa kilo, jumla milioni 72. Nusu imelipwa kabla ya kupakia. Mzigo unafika, mnunuzi anadai tani 9 zimejaa chenga, na anagoma kulipa milioni 36 zilizobaki. Kabla ya kuandika lolote, muuzaji anapaswa kupima ugomvi wenyewe. Tani zinazolalamikiwa zina thamani ya milioni 21.6, kwa hiyo milioni 14.4 hazina ubishi wowote. Barua inayodai milioni 36 zote kwa vitisho huifunika hesabu hiyo, na mnunuzi hupata kisingizio cha kukalia hata fedha anazokiri kudaiwa.

Barua ya kupendekeza usuluhishi hutenganishwa na barua ya madai. Ile ya madai itakuja kuwa kielelezo kesi ikifunguliwa, kwa hiyo hubeba mkataba, hati ya kupokelea mzigo na kiasi kinachodaiwa, basi. Ya usuluhishi huandikwa juu yake kwamba imetolewa bila kuathiri haki za upande wowote na kwamba yaliyomo hayatatumika kama ushahidi. Bila maneno hayo, muuzaji akigusia tu kwamba yuko tayari kupunguza bei, mnunuzi anaweza kuibeba barua hiyo mahakamani kama ungamo kwamba mchele ulikuwa mbovu.

Ndani yake, barua hueleza mgogoro kwa sentensi chache zisizolaumu: pande zote zinakubaliana kuhusu tani 21, zinatofautiana kuhusu ubora wa tani 9. Kisha hutaja majina mawili au matatu ya wasuluhishi ili mwenzake achague, hupendekeza gharama zigawanywe nusu kwa nusu, na hudai kila upande ulete mtu mwenye mamlaka ya kutia saini. Sharti hili la mwisho ndilo hupuuzwa zaidi. Akija karani wa stoo ambaye lazima ampigie bosi kwa kila neno, siku imepotea. Mwisho huwekwa tarehe ya kujibu, kwa mfano siku 14, na kuelezwa wazi kuwa ikipita muuzaji atafuata taratibu za kisheria.

Tarehe hiyo si mapambo. Kwa sheria ya ukomo ya Tanzania, madai ya kawaida ya mkataba hufa baada ya miaka 6, na mazungumzo peke yake hayasimamishi saa hiyo. Mdeni anayeomba kubadilisha msuluhishi mara ya tatu, au anayekubali kila kitu kwa simu lakini hajibu kwa maandishi, huenda anavuta muda tu. Na kama kuna dalili kwamba anahamisha mali, usuluhishi si dawa ya kuanzia. Kinachohitajika ni amri ya zuio, na hiyo hutolewa na mahakama pekee.

Mezani, katika mfano huu, mnunuzi anakiri kwamba zile tani 9 aliziuza kama chenga kwa shilingi 1,600 kwa kilo. Hasara yake basi ni milioni 7.2, wala si 21.6. Pande zinakubaliana alipe milioni 28.8: milioni 12.8 siku ya kusaini, kisha milioni 8 mara mbili kila mwisho wa mwezi, na akikosa awamu moja salio lote lidaiwe papo hapo.

Makubaliano hayo yaandikwe na kusainiwa kabla watu hawajainuka. Yakifikiwa nje ya mahakama huwa mkataba mpya, na anayeyavunja hushtakiwa kwa huo. Yakifikiwa kesi ikiwa imeshafunguliwa, husajiliwa mahakamani yawe hukumu na tuzo, na mdai akilazimika huenda moja kwa moja kuomba kukaza hukumu.