Kazi Ndogo Inapoipiku Kubwa kwa Sababu ya Tarehe

Mtumiaji wa Taskwarrior, programu ya bure ya kupanga kazi, hahitaji kuipanga upya orodha yake kila asubuhi. Programu huipa kila kazi alama, na yenye alama nyingi hukaa juu. Kipaumbele cha juu, kinachoandikwa `H`, kina alama 6. Cha chini, `L`, kina 1.8. Tarehe ya mwisho nayo ina alama zake: 2.4 ikiwa bado mbali, kisha kuanzia siku 14 kabla zinapanda kidogo kidogo hadi 8.8 siku yenyewe, na 12 kazi ikishachelewa wiki nzima.

Mpango huu unasaidia, kwa kuwa bili iliyoandikwa mwezi uliopita hujitokeza yenyewe kabla ya kukatiwa umeme. Matatizo huanza kazi mbili zinapogombea nafasi.

Tuseme karani ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuhifadhi nakala za mafaili yote ya ofisi: ni `H`, lakini haina tarehe. Ya pili ni kujibu mwaliko wa semina: ni `L`, na ina tarehe. Mwanzoni mafaili yanaongoza kwa 6 dhidi ya 4.2. Zikibaki siku kama kumi, mwaliko unayafikia, na siku ya mwisho unafika 10.6. Akishaujibu, mwaliko mwingine wenye tarehe unashika nafasi. Mafaili yanaweza kusubiri hivyo mpaka kompyuta iharibike.

Hatari ya pili haionekani upesi. Programu inajua kazi inatakiwa lini, ila haijui itachukua muda gani. Ripoti inayohitaji wiki tatu za kuandika itaanza kupanda zikiwa zimebaki wiki mbili, wakati mwandishi tayari amechelewa. Dawa yake ni kuandika pia siku ya kuanza, kwa neno `scheduled`. Siku hiyo ikipita, kazi inaongezewa alama 5.

Kuna pia wanaozibandika kazi zote tarehe za kubuni ili zipande. Baada ya wiki chache orodha nzima imechelewa, zote zimepewa zile 12, na tarehe haisaidii tena kuchagua.

Uzito wa tarehe unaweza kupunguzwa:

```
task config urgency.due.coefficient 4.0
```

Hapo mwaliko ule, hata ukichelewa wiki, utaishia 5.8, chini ya mafaili. Hasara ni kwamba bili isiyopewa kipaumbele chochote haitavuka 4, hivyo inabidi ipewe angalau cha kati, `M`, chenye alama 3.9.

Anayeshuku orodha yake aandike `task 7 info`, akiweka namba ya kazi iliyo juu. Programu itamwonyesha kila alama ilikotoka. Ikiwa karibu zote zimetoka kwenye tarehe, aamue mwenyewe kama kazi hiyo inastahili kutangulia.