Mwisho wa hadithi yako unakimbia? Anza kukata katikati

Umeandika riwaya miezi minane. Rafiki anaisoma, anakwambia, "Mwanzo umeshika, lakini mwisho ni kama ulikuwa unawahi matatu." Usikasirike. Chukua karatasi, orodhesha sura zote, na kando ya kila moja andika mambo mawili: idadi ya maneno, na kitu kimoja kinachobadilika humo.

Tuseme mswada wako una sura 20. Zena anashuku amjomba ameuza shamba la familia kisiri. Sura 17 za kwanza zina maneno 3,000 kila moja. Tatu za mwisho zina 1,500 tu kila moja, na humo Zena anagundua kwamba mamake ndiye aliyetia sahihi, anamkabili, kesi inaamuliwa, kisha wanapatana. Duh! Mambo manne makubwa kwa maneno 4,500.

Sasa rudi kwenye orodha yako. Sura ya 6, 7 na 8 zote zinasema jambo moja: Zena anamshuku mjomba. Ziunganishe ziwe moja, na utakuwa umeokoa maneno 6,000. Hayo ndiyo utakayoyapeleka mwishoni, ili zile sura tatu ziwe tano zenye maneno kama 2,100 kila moja. Kitabu kinabaki na sura 20 na urefu ule ule.

Lakini kuongeza maneno pekee hakutoshi. Siri ya sahihi ya mama imechelewa. Ilete mapema, karibu na sura ya 12, Zena akiiona kwenye nakala ya mkataba wa mauzo. Kuanzia hapo msomaji ana swali jipya: je, atamshtaki mamake mzazi? Ukurasa wa mwisho sasa unajibu swali alilotembea nalo, haumrushii habari mpya.

Kisha tafuta maneno kama "hatimaye" na "baada ya miezi kadhaa". Yakijaa mwishoni, ujue unasimulia kwa ufupi pale ambapo msomaji alitaka kuwa chumbani. Si kila kitu kinahitaji tukio kamili, hata hivyo. Kesi mahakamani inaweza kumalizika kwa aya mbili. Kinachohitaji nafasi ni ile jioni Zena na mamake wameketi jikoni, chai imepoa, na hakuna anayetaka kuanza kusema. Mpe sura nzima, halafu sura fupi ya kuonyesha wanaishije baada ya hapo.

Na usiogope kasi. Mwisho unaruhusiwa kwenda mbio kuliko mwanzo. Jipime hivi: mpe mtu asome sura tano za mwisho, kisha muulize kwa nini Zena aliamua alivyoamua. Akikueleza bila kubahatisha, umefika. Akisema "aliamua tu", rudi jikoni.