Kabla ya Kuihukumu Pampu ya Dizeli

Wenye magari ya kisasa ya dizeli huingia gereji na malalamiko mawili yanayofuatana: asubuhi selfu inalia muda mrefu ndipo gari liwake, na kwenye mlima gari linaishiwa nguvu. Mara nyingi wanajibiwa kwamba pampu imekufa. Pampu ni kifaa cha bei kubwa, na wapo walioinunua, ikafungwa, na kesho yake selfu ikalia vilevile. Pampu hubeba lawama kwa sababu presha inatoka kwake, lakini haiwezi kusukuma dizeli ambayo haijaifikia.

Tuchukue Hilux ya lita 2.5, ile yenye injini ya 2KD, ambayo imejaa kwenye barabara zetu. Dizeli inatoka kwenye tanki, inapita kwenye filta, inaingia kwenye pampu ya presha kubwa. Pampu inaikandamiza na kuipeleka kwenye reli, yaani bomba nene la chuma linalozigawia nozeli nne. Juu ya reli kuna sensa inayoieleza kompyuta presha ni kiasi gani. Gari likiwa sailensa, presha ya reli huwa karibu baa 300. Ukikanyaga mafuta mlimani hupita 1,000. Tairi la gari dogo lina baa 2 hivi.

Mambo mawili hapa ndiyo ufunguo wa kila kitu. La kwanza, wakati wa kuwasha, kompyuta haifungui nozeli mpaka sensa iseme presha imefika kiwango fulani, kwa kawaida kati ya baa 200 na 250. Selfu inayolia muda mrefu inamaanisha kompyuta bado inasubiri presha. La pili, kwenye Hilux hii hakuna pampu ya umeme ndani ya tanki. Kuna pampu ndogo ya kuvuta, nayo imo ndani ya pampu kubwa. Kwa hiyo njia yote kutoka tankini hadi kwenye pampu inavutwa, haisukumwi. Mpira ukipasuka sehemu hiyo, gari linapotembea dizeli haidondoki chini. Hewa ndiyo inayoingia. Ndiyo maana fundi anaweza kulala chini ya gari, akakuta pakavu kabisa, akasema huku hakuna shida.

Sasa tuseme Hilux yetu inapigwa selfu kwa sekunde tisa kila asubuhi, lakini mchana inawaka mara moja. Ikipanda Kitonga na mzigo, inavuta vizuri mwanzo, kisha inalegea, na taa ya injini inawaka. Dereva akizima na kuwasha tena, nguvu inarudi kwa muda. Mashine ya kupimia inaonyesha kodi P0087, yaani presha ya reli iko chini. Kodi hiyo inataja dalili tu. Haisemi presha imepotelea wapi.

Anayeanza kuulizwa ni sensa, kwa kuwa ndiyo inayotoa taarifa zote. Gari likiwa limelala usiku kucha, presha ya reli huwa imekwisha. Asubuhi unawasha swichi bila kupiga selfu na kusoma skrini: inapaswa kuonyesha sifuri au karibu yake. Hilux yetu inaonyesha sifuri. Tunaendelea.

Tunapiga selfu huku tukitazama skrini. Presha inapanda polepole: 40, 90, 150, na inapogusa 250 injini inawaka. Asubuhi inayofuata, kabla ya selfu, fundi anabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Mwanzoni ni laini, inabonyea bila upinzani. Baada ya kubonyezwa mara nyingi inakuwa ngumu. Selfu ikipigwa, gari linawaka ndani ya sekunde mbili. Jaribio hilo halina gharama, na limeshasema mengi. Kama tatizo lingekuwa nozeli zilizolika au pampu iliyochoka, kubonyeza kwa mkono kusingeleta tofauti kubwa hivyo. Usiku, dizeli ilikuwa imerudi tankini na hewa ikashika nafasi yake.

Ili kuiona hewa yenyewe, fundi anafunga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu. Injini ikinguruma, mapovu yanapita mfululizo.

Bado mlima haujaelezwa. Mashine ya kupimia inaonyesha namba mbili: presha ambayo kompyuta inaitaka na presha iliyopo. Kwenye sailensa zinalingana, 300 kwa 300. Kwenye mlima kompyuta inataka 1,200, iliyopo inashuka hadi 700. Hapo ndipo wengi huhukumu pampu. Fundi makini anafanya jaribio moja zaidi: anaweka dumu la dizeli safi nyuma, analifunga lisicheze, kisha anavuta mpira mpya kutoka kwenye dumu, unapita kwenye filta mpya na kuingia moja kwa moja kwenye pampu. Gari linapanda mlima uleule, na namba mbili zinakwenda pamoja hadi juu. Pampu haina hatia.

Kilichobaki ni kufuata njia ya zamani kwa mkono. Chujio la ndani ya tanki limeziba tope, na mpira unaotoka tankini una ufa chini ya klipu. Kasoro hizi mbili zinasaidiana. Chujio likiziba, pampu inavuta kwa nguvu zaidi, na mvuto huo unaingiza hewa nyingi zaidi kupitia ufa. Kwenye sailensa injini inatumia dizeli kidogo, hivyo hakuna anayegundua. Mlimani mahitaji yanaongezeka na njia inashindwa.

Lakini je, asubuhi ile skrini ingeonyesha baa 60 wakati reli ni tupu? Sensa ingekuwa inadanganya kwa kuzidisha. Hapo kompyuta ingeridhika mapema, ingepunguza presha, na gari lingekosa nguvu huku namba mbili zikilingana vizuri sana. Kwa hiyo namba zikiachana, tafuta uhaba wa dizeli au mahali inapovujia. Zikilingana na gari bado halivuti, ichunguze sensa, halafu mipira ya tabo na filta ya hewa. Na kabla ya kununua sensa, pima waya zake tatu. Waya wa ethi ukishika kutu, volti za ishara hupanda, na sensa nzima huonekana mbovu.

Kama sensa inasema kweli na jaribio la dumu halikusaidia chochote, hesabu inahamia upande wa presha kubwa. Hata huko pampu si ya kwanza. Mipira ya marejesho ya nozeli huelekezwa kwenye chupa nne zinazofanana, kisha injini huachwa ikinguruma kwa muda. Nozeli inayojaza chupa yake haraka kuliko wenzake ndiyo inayomwaga presha. Gari linalogoma likiwa la moto huwa na tatizo la aina hii mara nyingi, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na hupenya palipolika. Baada ya hapo huja vali ya kudhibiti dizeli iliyo kwenye pampu, ambayo kwenye injini hizi huweza kubadilishwa peke yake. Katika kazi yote hii, bomba la chuma la presha kubwa lisilegezwe injini ikiwaka, wala mkono usipitishwe kutafuta uvujaji: dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbiziwa hospitali hata likionekana dogo.

Pampu ikithibitika imekufa kweli, fungua vali yake uangalie kama kuna chenga za chuma. Zikiwepo, zimekwisha kusambaa kwenye reli, nozeli na njia ya kurudi tankini. Pampu mpya ikifungwa kwenye mfumo huo bila kusafisha kila kitu, chenga zilezile zitazunguka na kuiharibu nayo.