Katika kifungu cha wasifu, tenga yaliyosemwa na unayoyadhania

KUNA kosa moja ambalo hujirudia kila ninaposahihisha majibu ya ufahamu. Mwanafunzi husoma kifungu cha wasifu, anaulizwa kinasema nini, naye anajibu kwa kueleza anachokijua au anachokiwazia kuhusu mhusika. Jibu linasikika vizuri, lakini kwenye kifungu halipo.

Hebu tutazame kifungu hiki kifupi nilichokiandaa kuhusu Shaaban Robert:

"Shaaban Robert alizaliwa mwaka wa 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka wa 1922 na 1926. Baada ya masomo aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani katika idara ya forodha. Baadaye alifanya kazi katika idara ya wanyamapori, afisi ya jimbo mjini Tanga na idara ya upimaji ardhi. Alifariki mwaka wa 1962."

Sasa, darasani niliwaomba wanafunzi waniambie wamejifunza nini. Wa kwanza alisema: "Mwalimu, alizaliwa Vibambani." Sawa. Nilimwambia aweke kidole juu ya maneno yanayosema hivyo, akaweka bila taabu. Hilo limeelezwa waziwazi.

Wa pili akasema: "Alikufa akiwa na miaka 53." Hapo kidole hakipati pa kutua, kwa kuwa umri haukutajwa. Hata hivyo, hakubahatisha. Alichukua 1962 akatoa 1909. Hili ni jambo linalodokezwa: halikuandikwa, lakini linajengwa juu ya maneno yaliyoandikwa. Tatizo ni kwamba amepita kiasi kidogo. Kifungu kimetoa miaka tu, hakikutaja siku wala mwezi. Kwa hivyo, mtu angeweza kufa akiwa na miaka 52 au 53, kutegemea kama siku yake ya kuzaliwa ilikuwa imefika mwaka huo. Jibu salama kwa kutegemea kifungu ni "miaka 52 au 53". Dokezo lisizidi uzito wa maneno yanayolibeba.

Wa tatu naye: "Aliacha shule kwa sababu ya umaskini." Nilipomwuliza ameyatoa wapi, alijibu, "Si aliishia 1926, halafu akaenda kazi?" Kifungu kinasema "baada ya masomo", hakisemi "kwa sababu ya". La kwanza linapanga matukio kwa wakati, la pili linataja chanzo. Huenda alimaliza masomo aliyokusudia. Msomaji ndiye aliyeleta umaskini kutoka kwa hadithi nyingine alizozizoea.

Wa nne alisema: "Alikuwa Mkristo, maana anaitwa Robert." Hii ndiyo dhana tupu, na tena si kweli. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu. Jina hutuambia mtu aliitwaje, halituambii anaabudu vipi. Ona basi hatari yake: mwanafunzi huyu akiandika hivyo kwenye insha, na mwenzake akainakili, marehemu atakuwa amebadilishwa dini na watu ambao hawakukusudia ubaya wowote.

La mwisho ndilo gumu zaidi. Mwanafunzi hodari alisema: "Alishuhudia Tanganyika ikipata uhuru." Ni kweli kabisa, kwa kuwa uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961, naye alifariki mwaka uliofuata. Lakini je, kifungu kimesema hivyo? Hakikutaja uhuru hata kidogo. Tarehe hiyo mwanafunzi aliitoa katika somo la historia. Swali likiwa "Kwa mujibu wa kifungu", jibu hilo halifai ingawa ni la kweli. Hali kadhalika anayejibu kwamba alikuwa mshairi mashuhuri. Sote tunalijua hilo, ila kifungu hiki kimetuonyesha karani tu. Kinachopimwa hapa si ukweli wa jambo, bali ni mahali lilikotoka.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika jibu, jiulize: naweza kuweka kidole wapi? Ukipata maneno yenyewe, limeelezwa. Ukihitaji kuunganisha maneno mawili au matatu ya kifungu, linadokezwa, na uonyeshe unavyoyaunganisha. Ukijikuta unasema "kwa kawaida watu kama hawa..." au "tunajua kwamba...", umeshatoka nje ya kifungu.

Zoezi la wiki hii: rudi kwenye kifungu hicho. Mtu amesema, "Shaaban Robert aliitumikia serikali katika idara na afisi nne." Mwingine amesema, "Alihamahama kwa kuwa hakuridhika na kazi yake." Weka kidole.