Daftari la Nusu Saa

Jumatatu, usiku

Kibanda cha kushonea nakifunga saa moja. Ikifika saa tatu na nusu, chakula kimeshaliwa na sare za kesho zimepigwa pasi, nami hubakiwa na kama nusu saa kabla usingizi haujanishinda. Mtihani wa Maarifa, ambao sisi tuliokomea darasa la saba hutakiwa kuufaulu kwanza, nimeshaufaulu. Sasa najiandaa kwa kidato cha nne, mtahiniwa wa kujitegemea, na mtihani ni Novemba. Wiki hii nimo kwenye utunzaji wa vitabu vya hesabu, mada ya uchakavu wa mali.

Nusu saa haitoshi kunakili kitabu, na hata ingetosha nisingenakili. Mkono huandika huku akili imesinzia, kisha kesho yake ukiuona ukurasa unadhani unaujua kwa sababu tu maneno unayakumbuka sura. Kwa hiyo maelezo yangu nayaandika kama maswali. Karatasi ya manila naikata vipande vinavyoenea kiganjani: swali mbele, jibu nyuma, jambo moja kwa kila kipande.

Jumanne

Mfano nimeuchukua kwenye cherehani. Tuseme imenunuliwa kwa shilingi 600,000, itatumika miaka 5, na mwisho itauzwa kwa 100,000. Kwa njia ya kiwango sawa, ondoa 100,000, zinabaki 500,000. Gawa kwa 5, kila mwaka unaandika uchakavu wa 100,000. Kwa njia ya salio linalopungua, tuseme kwa asilimia 20, mwaka wa kwanza ni 120,000 na salio ni 480,000. Mwaka wa pili ni asilimia 20 ya hizo 480,000, yaani 96,000.

Ningeandika "Eleza uchakavu", kadi ingehitaji jibu la ukurasa mzima, na mtu aliyechoka huiruka. Nimeandika hivi: "Kwa nini mwaka wa pili ni 96,000 na si 120,000?" Jibu ni mstari mmoja: asilimia hupigwa kwenye salio, haipigwi kwenye bei ya kununulia. Kadi nyingine inauliza ni njia ipi kati ya hizo mbili huondoa thamani ya mwisho kabla ya kugawa. Ya tatu inauliza uchakavu unaingia wapi: debiti kwenye gharama ya uchakavu, krediti kwenye limbikizo la uchakavu. Kadi tatu, na usiku umekwisha.

Jumatano

Leo ni kupanga. Mwandishi Sebastian Leitner, mwaka 1972, alieleza utaratibu wa sanduku lenye vyumba, na wangu nimeutengeneza kwa boksi la viatu lililogawanywa mara tatu. Chumba cha kwanza hupitiwa kila usiku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu mara moja kwa wiki. Kadi niliyoijibu bila kugeuza inasogea chumba cha mbele. Niliyoikosa inarudi cha kwanza, hata kama ilishafika cha tatu. Siku wateja wa harusi wamenichelewesha, chumba cha kwanza peke yake hunitosha, maana humo ndimo yalimo nisiyoyajua. Yaliyo mbele yanaweza kusubiri, na kule kusubiri ndiko kunakoilazimisha akili kutafuta jibu.

Alhamisi

Binti yangu yuko kidato cha pili. Napika, yeye anashika kadi.

"Mama, hujamsikiliza hata muulizaji, umeshajibu!"

"Si ndiyo ile ya 96,000, mwanangu?"

"Nikibadilisha bei, je? Cherehani ya laki nne."

Ana haki. Jibu likitoka kabla swali halijaisha, mara nyingi umeikariri kadi, hukuikariri hesabu. Dawa yake ni kubadilisha tarakimu. Kwa 400,000, mwaka wa kwanza ni 80,000, salio 320,000, mwaka wa pili 64,000. Kadi za namna hiyo sasa naziandika kwa penseli, ili tarakimu zifutike kila zinapozoeleka.

Jumamosi

Kadi zina mpaka wake. Hazikufundishi kukaa na swali refu, ambalo shughuli ishirini za biashara zinatakiwa ziingie kwenye leja na urari utoke sawa pande zote mbili. Hilo linahitaji meza, rula na saa nzima isiyokatizwa, kwa hiyo nimelitengea Jumamosi alasiri, watoto wakiwa kwa bibi yao. Nalifanya swali moja la mtihani uliopita, mwanzo hadi mwisho, boksi limefungwa. Kila mahali kalamu inaposimama naweka alama pembeni, na alama hizo ndizo kadi za wiki ijayo. Leo zimetoka mbili: moja ya punguzo alilopewa mteja, nyingine ya mali aliyoichukua mwenye duka kwa matumizi ya nyumbani.