Mnara wa Mtawala Asiye na Jina

Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, *Mũrogi wa Kagogo*, nchi ya kubuni ya Aburiria inaongozwa na mtu anayeitwa Mtawala tu. Siku ya kuzaliwa kwake, Waziri Machokali anatangaza zawadi ya taifa: mnara utakaofika mbinguni, ili Mtawala awe anabisha hodi kwa Mungu kila siku.

Fedha hakuna. Zitakopwa kutoka benki ya kimataifa.

Kuanzia hapo Ngũgĩ hahitaji matusi. Anaifuata ahadi hatua kwa hatua. Tajirika, mfanyabiashara, anateuliwa kusimamia ujenzi. Kabla tofali moja halijawekwa, wanaotafuta zabuni wanamiminika ofisini kwake na bahasha za noti. Nje, wasio na kazi wanapanga foleni ndefu wakitumaini ajira. Serikali inaingiwa na hofu kuona umati huo, kisha wajanja wake wanageuza maneno: eti foleni ni ushahidi kwamba wananchi wanaupenda mradi.

Mtawala anasafiri hadi New York kuomba mkopo. Anakosa.

Mbinu hii ya kutomtaja mtu humpa mwandishi nafasi, lakini si kinga. Mwaka 1987 polisi wa Kenya waliondoa madukani riwaya yake nyingine, *Matigari*, baada ya serikali kusikia wakulima wakimzungumzia mtu aitwaye Matigari anayedai haki. Inasimuliwa kwamba amri ya kumkamata ilitolewa, ndipo ikagundulika kuwa anaishi kitabuni.